Mama aliyehesabu siku: uchambuzi wa hadithi fupi ya barua tisa

Usuli

Kisa hiki kinahusu hadithi fupi moja iliyoandikwa kwa ajili ya mkusanyiko, na safari yake kutoka rasimu ya kwanza hadi ya tatu. Jina la mwandishi, jina la hadithi na nchi zilizotajwa ndani yake vimeondolewa, na nukuu zimebadilishwa kidogo ili zisimtambulishe mtu. Mpangilio wa barua, tarehe na sababu za kila uamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa.

Hadithi ni ya kijana aliyekwenda ng'ambo kufanya kazi ya ujenzi kwa mkataba wa miaka miwili, na mama yake aliyebaki nyumbani. Kijana anatuma fedha za kuezeka nyumba upya. Miezi michache baadaye anaanguka kutoka kwenye jukwaa la kazi na kuumia vibaya mkono wa kulia. Anaamua kumficha mama yake. Mama naye ana lake analolificha: hajanunua hata bati moja, kwani kila senti ameiweka akiba ya nauli ya kumrudisha mwanawe. Hakuna msimulizi. Kila kitu ni barua, na wakati wa hadithi ni kabla ya simu za mkononi, jambo linalowekwa wazi kwa sentensi moja tu katika barua ya kwanza: simu ya kulipia ina foleni ndefu na hula mshahara wa siku nzima.

Mhariri wa mkusanyiko alikuwa ameweka kikomo cha maneno 3,000. Rasimu ya kwanza ilikuwa na barua 11 na maneno 4,200.

Rasimu ya kwanza ilivyokwama

Barua ya kwanza ya rasimu hiyo ilianza hivi: "Mama, kama unavyojua, baba alifariki nikiwa na miaka tisa, ukanilea peke yako pamoja na dada yangu, na ndiyo maana nimekuja huku kutafuta maisha." Mama anayajua yote hayo. Aliyekuwa hayajui ni msomaji, na mwandishi alikuwa akizungumza naye juu ya bega la mama. Mhariri alimwomba mwandishi achukue penseli, apitie barua hiyo sentensi kwa sentensi, na apige mstari chini ya kila jambo ambalo mpokeaji tayari analijua. Kati ya sentensi 22, zilipigwa mstari 14.

Kuzifuta si kazi. Kazi ni kuyarudisha mambo yale yale kwa mlango mwingine. Katika barua halisi, habari za zamani hazielezwi. Huingia zikiwa zimejificha ndani ya agizo, ombi, lawama au ugomvi. Sentensi ile ndefu ikawa: "Baba mdogo akija tena kuuliza habari za shamba la marehemu, mwambie angoje nirudi. Na dada asitie saini karatasi yoyote." Baba amekufa, kuna shamba, kuna ndugu anayelinyemelea, kuna dada, na kijana anajiona kuwa mkuu wa nyumba. Mama hakuambiwa hata moja la zamani, ila ameagizwa jambo jipya.

Kasoro ya pili ilikuwa nzito zaidi. Katika barua ya tano kijana alieleza ajali yote, tangu ubao ulipoteleza hadi hospitali, kisha akamsihi mama asiwe na wasiwasi. Katika barua ya sita mama alikiri kuwa paa halijaezekwa. Barua tano zilizobaki zilikuwa za kufarijiana. Wasomaji watatu waliopewa rasimu walisema kitu kimoja kwa maneno tofauti: wahusika ni wema, lakini baada ya barua ya sita hakuna tena cha kungojea.

Ya tatu haikuonwa na yeyote mpaka mhariri alipouliza barua inachukua siku ngapi kufika. Mwandishi hakuwa na jibu. Barua zilikuwa na vichwa "Barua ya kwanza", "Barua ya pili", bila tarehe, na kila moja ilijibu iliyotangulia papo hapo, kama watu wawili walioketi kwenye mkeka mmoja.

Uamuzi wa kwanza: kalenda kabla ya maneno

Kabla ya kuandika upya hata mstari, mwandishi alitengeneza kalenda. Aliamua kuwa barua husafiri siku 20 kila upande. Angeweza kuchagua kumi au thelathini. La muhimu ni kwamba idadi iwe ndefu kiasi cha barua mbili kupishana njiani, na isibadilike ovyo katikati ya hadithi. Kila barua iliandikiwa siku mbili: ya kuandikwa na ya kufika. Kalenda ya mwisho ilikuwa hivi:

1. Mwana, 3 Februari. Inafika 23 Februari
2. Mama, 1 Machi. Inafika 21 Machi
3. Mwana, 25 Machi. Inafika 14 Aprili
4. Mama, 20 Aprili. Inafika 10 Mei
5. Mwana, 12 Mei. Inafika 1 Juni
6. Mama, 3 Juni. Inafika 23 Juni
7. Mwana, 14 Juni. Inafika 4 Julai
8. Mwana, 30 Juni. Inafika 20 Julai
9. Mama, 22 Julai

Ajali haimo kwenye orodha hii. Inatokea kati ya barua ya tatu na ya tano, na katika rasimu ya mwisho haielezwi popote.

Tazama barua ya sita na ya saba. Tarehe 3 Juni mama anauliza swali. Swali linafika tarehe 23. Lakini tarehe 14 mwana ameshaandika barua nyingine, kwa hiyo hiyo haiwezi kulijibu. Kimya cha barua ya saba ni kimya cha posta. Barua ya nane ni ya tarehe 30, wiki moja baada ya swali kufika. Nayo hailijibu. Kimya hiki ni cha mtu.

Hapo ndipo hadithi ilipopata uti wa mgongo. Vimya viwili vinavyofanana kwa sura, kimoja hakina hatia na kingine ni kukwepa, na hakuna msimulizi wa kumwambia msomaji kipi ni kipi. Ni tarehe tu zinazovitenganisha.

Tatizo ni kwamba wasomaji hawasomi tarehe. Jicho huruka kichwa cha barua na kutua kwenye salamu. Ilibidi awepo mtu ndani ya hadithi anayezisoma kwa niaba yao, na mtu huyo akawa mama. Katika barua ya pili anaandika: "Nimetazama muhuri wa posta kwenye bahasha. Barua yako imetembea siku ishirini. Sasa najua nikikuuliza leo nikungoje mpaka lini." Ni mistari mitatu ya mama aliyezoea kuhesabu, na msomaji anaipita bila kushtuka. Katika barua ya nne anataja tena siku, kwa kifungu kimoja tu. Kufikia barua ya tisa msomaji ameshazoea kwamba mama huyu huhesabu.

Uamuzi wa pili: nani ameshika kalamu

Mkono ulioumia ni wa kulia, na mwana huandika kwa mkono huo. Kwa hiyo kuanzia barua ya tano anatamka na rafiki wa bwenini anaandika. Katika maisha mama angeligundua hilo mara tu afunguapo bahasha, kwa umbo la herufi. Kwenye ukurasa uliochapwa herufi zote ni sawa. Mwandishi alijaribu kwanza kutumia herufi za mlazo kwa barua zilizoandikwa na rafiki, akaacha, kwa sababu mlazo unamwambia msomaji kabla mama hajajua.

Kilichobaki ni maneno yenyewe. Mwana, katika barua zake mbili za kwanza, anaanza kila mara hivi: "Mama, shikamoo. Mimi mzima." Kisha anaingia kwenye habari. Hamalizi kwa pambo. Anaandika "Mwanao" basi. Barua ya tano inaanza hivi: "Kwa mama mpendwa, pokea salamu nyingi kutoka kwangu mwanao. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu."

Kila mtu aliyewahi kuandika barua kwa Kiswahili anaijua fomula hiyo, na ndiyo maana inafaa. Haina kosa. Ni barua nzuri, ya mtu aliyefundishwa kuandika barua. Ila si ya mwana huyu. Rafiki ametia adabu zake, kama afanyavyo mtu yeyote anayemwandikia mwenzake barua ya kwenda kwa mzazi. Fomula ambayo kwa kawaida mwandishi wa hadithi angeishauri iondolewe kwa kuwa imechakaa, hapa inafanya kazi kwa sababu ya kuchakaa kwake.

Yalihitajika mambo mawili ili mbinu hii isimame. La kwanza, salamu fupi ya mwana ilibidi irudiwe bila kubadilika hata neno katika barua zake mbili za mwanzo. Rasimu ya pili ilikuwa na salamu tofauti tofauti, zote nzuri, na hivyo salamu ya barua ya tano haikuonekana ngeni. La pili, tofauti isiwe ya salamu peke yake. Sentensi za rafiki ni ndefu na zina viunganishi. Mwana haandiki "ilhali" wala "hali kadhalika". Lakini mambo yanayosemwa ni ya mwana mwenyewe: bado anauliza habari za shamba, bado anaagiza dada asitie saini. Sauti ya ndani haibadiliki, imevishwa tu nguo ya mtu mwingine.

Mama naye alihitaji uandishi wake. Katika rasimu ya kwanza yeye na mwanawe waliandika sawasawa. Mhariri aliziba majina na wasomaji walishindwa kujua barua ni ya nani. Mwandishi akaamua kuwa mama alijifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la watu wazima. Sentensi zake ni fupi. Hagawi aya. Huanza na jambo dogo la nyumbani, na jambo kubwa hulileta mwishoni kama aliyelikumbuka akiwa mlangoni. Hakupewa makosa ya tahajia, na huo ulikuwa uamuzi sahihi: makosa ya tahajia humfanya msomaji amhurumie mama, na mama huyu hahitaji huruma. Ni mkali, anaamuru, na anaona kuliko wote.

Uamuzi wa tatu: maswali manne

Barua ya sita ilihitaji kuuliza nani ameandika ile ya tano. Rasimu ya pili ililiweka swali mwishoni, peke yake, kama ngumi. Matokeo yake, barua ya nane isipolijibu, mwana alionekana mjinga au katili, maana hakuna anayeweza kujifanya hakuliona swali kama hilo.

Suluhisho lilikuwa kulizika. Mama anauliza maswali manne katika aya moja: je, viatu vilivyochakaa amenunua vingine; je, bado analala karibu na dirisha lenye baridi; nani huyu anayemwandikia; na je, mkataba unamalizika mwezi gani hasa. Swali lenyewe ni la tatu. Barua ya nane inajibu kwa mpangilio uleule: viatu amenunua, kitanda amehamishwa, mkataba utaisha mwezi wa kwanza. Majibu matatu. Msomaji makini anahisi jino lililong'oka.

Ili hilo lihisike, barua ya saba iliyo katikati ilibidi iwe fupi. Ilikuwa na maneno 420. Ikapunguzwa hadi 140, la sivyo msomaji angekuwa amesahau maswali. Katika maneno hayo 140 kuna sentensi moja iliyotafutwa kwa muda mrefu kuliko nyingine zote: "Rafiki yangu hunifunga kamba za viatu asubuhi, wenzetu hucheka wakisema nimerudi utotoni." Imesemwa kama mzaha, na mwana anaamini imepita kama mzaha. Ni dalili pekee ya mwili katika hadithi nzima.

Njia iliyoachwa

Kati ya rasimu ya pili na ya tatu kulikuwa na toleo ambalo rafiki anaongeza maneno yake chini ya barua ya nane bila mwana kujua, akimweleza mama ajali yote. Lilikuwa rahisi kuandika na liligusa moyo. Mhariri alilipinga kwa sababu moja: lilimpokonya mama kazi. Tangu barua ya pili amekuwa akihesabu, akilinganisha, akinyamaza. Rafiki akisema, hesabu zote hizo zinakuwa bure, na anayetatua fumbo ni mtu ambaye msomaji hamjui. Mwandishi alilitetea kwa wiki kadhaa kabla ya kulitoa. Alibakiza kitu kimoja kutoka humo: katika barua ya nane rafiki, kwa bahati mbaya, anaandika "mkono wake" badala ya "mkono wangu", kisha maneno yanakatwa. Hata hilo liliondolewa mwishowe, kwani kwenye chapa maneno yaliyokatwa yanaonekana kama kosa la mchapaji.

Matokeo

Rasimu ya tatu ilikuwa na barua tisa na maneno 2,900. Barua ya tisa, ya mama, inasema katikati yake: "Barua yako ya tarehe 14 sikuilalamikia. Nilihesabu, nikaona swali langu lilikuwa bado njiani. Hii ya tarehe 30 nimeihesabu pia." Hasemi zaidi juu ya hilo. Anaeleza kuwa bati hajanunua hata moja, fedha zote zipo, nauli inatosha na inabaki. Kisha: "Ukijibu, andika mwenyewe. Hata neno moja." Hadithi inaishia hapo.

Ilisomwa na watu watano ambao hawakuwa wameona rasimu zilizotangulia. Wanne walieleza bila kuulizwa kwamba mwana ameumia mkono. Mmoja alidhani amefungwa gerezani na rafiki ni mfungwa mwenzake. Wote watano walitambua kuwa barua ya nane ni ya kukwepa. Watatu walisema walirudi nyuma kutazama tarehe baada ya kusoma barua ya tisa. Wawili walitaka jibu la mwana. Mwandishi alikuwa nalo, barua ya kumi yenye maneno manne ya mkono wa kushoto, akaliacha nje, kwa sababu mtu aliyeficha kwa miezi mitatu asingepaswa kufunguka kwa siku moja kwa kuwa hadithi imefika mwisho.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kalenda, na ilifanya kazi kwa sababu ilitangulia. Mwandishi aliyeandika barua kwanza kisha akabandika tarehe atajikuta akisogeza tarehe ili zifuate maneno, na kupishana kwa barua hakutatokea kamwe, maana akili inayobuni mazungumzo daima huweka jibu baada ya swali. Ukitaka kujua kama rasimu ya namna hii ina ugonjwa huo, orodhesha kila swali lililoulizwa ndani ya barua na uandike kando limejibiwa wapi. Kama yote yamejibiwa, tena katika barua inayofuata, posta haipo kwenye hadithi.

Kumkabidhi mama hesabu kulikuwa na hatari yake. Katika barua ya pili na ya nne hesabu ni tabia. Katika barua ya tisa ni hukumu. Kama ingetajwa mara ya tatu katika barua ya sita, msomaji angeanza kuona mkono wa mwandishi. Mara mbili zilitosha kupanda, ya tatu kuvuna.

Salamu ilifanya kazi kwa wasomaji waliokulia na barua. Msomaji aliyedhani mwana yuko gerezani alikuwa kijana kuliko wengine, na alipoulizwa alisema salamu ya barua ya tano aliiona kuwa "barua kama barua". Kwake fomula haikuwa fomula. Huu ni mpaka halisi wa mbinu hii: inategemea msomaji awe na masikio ya kutofautisha adabu ya kufundishwa na adabu ya mtu. Kwa wasomaji wa umri wake, tofauti ya urefu wa sentensi ingebidi ibebe mzigo mkubwa zaidi, nayo katika rasimu ya mwisho bado ni hafifu.

Kilichoshindwa wazi ni siri ya mama. Katika barua ya nne anadai mabati yamefika. Katika barua ya sita, anaomba radhi kwa wino uliolowa kwa kuwa "tone la mvua limeangukia meza". Mtu aliyeezeka nyumba upya hanyeshewi mezani. Kati ya wasomaji watano ni wawili tu waliolishika, na sababu inaeleweka: liliwekwa ndani ya kuomba radhi, na watu husoma maneno ya radhi kama walivyozoea kusoma salamu, kwa kuyapita. Dalili ya mkono ilikuwa ndani ya mzaha, na mzaha husomwa. Mwandishi angeweza kulihamishia tone la mvua kwenye lawama, kwa mfano mama akamkaripia dada kwa kuacha daftari mezani likalowa, na lingeonekana. Lakini wakati hilo linagunduliwa mkusanyiko ulikuwa umeshakwenda kiwandani, na tone limebaki pale lilipo.

Barua ya saba nayo ina deni. Ilipopunguzwa hadi maneno 140 ilipoteza habari za shamba, ambazo hazirudi tena mpaka mwisho. Dada na karatasi anayoambiwa asitie saini wanatajwa katika barua ya kwanza na ya tano, kisha wanapotea. Kwa barua za kweli hilo ni jambo la kawaida, watu husahau mambo. Kwa hadithi ya maneno 2,900, msomaji mmoja kati ya watano aliuliza karatasi ile iliishia wapi, na swali lake lilikuwa la haki.